Mshale wa spidomita, vivuli vitatu na dada wa matangazo

Wasomaji wangu, najua kibaraza hiki kimeota majani. Wiki tatu bila neno! Wengine mmeniandikia mkiuliza kama ninaumwa. Siumwi. Nilikuwa nachora chati. Ndiyo, chati, tena moja tu, na kama ningeichora vizuri mara ya kwanza msingekuwa na cha kusoma leo.

Ilianza hivi. Pale gazetini kwetu idara ya matangazo hukutana kila mwezi kuangalia nani ameuza kiasi gani na lengo lake lilikuwa kiasi gani. Sisi waandishi hatuingii huko, tuna shida zetu. Lakini aliyekuwa akiwachorea chati aliacha kazi, na meneja wao akakumbuka kwamba kuna kijana wa habari za biashara aliyesoma takwimu kidogo chuoni. Kijana huyo ndiye mimi. Akaniita, akanionyesha chati ya mwezi uliopita.

Ukurasa mzima ulikuwa na spidomita tatu, moja kwa kila muuzaji. Nusu duara yenye nyekundu, njano na kijani, na mshale katikati. Mnazijua. Kampuni nyingi hapa mjini zinazipenda, nadhani kwa sababu zinafanana na gari. Mimi spidomita ninayoiona kila siku ni ya daladala ya kwenda kazini, ambayo mshale wake umelala kwenye sifuri tangu niipande mara ya kwanza, kwa hiyo labda nina chuki binafsi. Lakini tatizo la zile tatu lilikuwa wazi hata kwa asiye na chuki. Zilikula ukurasa mzima kusema mambo matatu. Halafu printa ya ofisi ni ya wino mweusi tu, na kwenye karatasi ile nyekundu na ile ya kijani zilitoka kijivu cha aina moja. Dada mmoja wa matangazo alikuwa na mshale kwenye kijivu, na hakuna aliyejua ni kijivu cha kuchekwa au cha kupongezwa.

Huyo dada ndiye aliyenifanya nisilale. Mkataba wake ulikuwa unakaribia mwisho, na mkutano uliokuwa unakuja ndio ungeangalia kama uongezwe.

Nikamwambia meneja kuna njia nyingine. Mmarekani mmoja, Stephen Few, aliyeandika kitabu Information Dashboard Design kilichotoka mwaka 2006, alichoshwa na spidomita hizo hizo akabuni chati ya kuzibadilisha. Kizungu wameipa jina la risasi. Chati ya risasi! Kwa Kiswahili inatisha, lakini tuendelee nayo. Ni mstari mmoja mwembamba na mweusi unaoonyesha ulichouza. Nyuma yake kuna ukanda mpana wa vivuli vitatu, kuanzia kilichokolea hadi kilichopauka: kazi mbovu, kazi ya wastani, kazi nzuri. Kisha kuna alama fupi inayokatiza, hiyo ni lengo. Basi. Vivuli ni vya rangi moja makusudi, ili hata asiyetofautisha nyekundu na kijani asome, na hata printa yetu maskini isome.

Lengo la dada yetu kwa mwezi ule lilikuwa shilingi milioni 40. Siku ya mkutano alikuwa ameuza milioni 31.

Swali la kwanza halikuwa la kompyuta. Vivuli viishie wapi? Usiku ule nyumbani niliandika asilimia 50 na 75 ya lengo, kwa sababu ni namba zinazopendeza. Hebu angalia kilichotokea: 31 kwa 40 ni asilimia 77 na nusu, kwa hiyo dada akaangukia kivuli cha kazi nzuri. Nikafurahi kidogo kwa niaba yake. Halafu nikajiuliza, mimi ni nani? Nikampigia simu.

"Kaka, hiyo 75 umeitoa wapi?" akauliza.

Nikakiri nimeitoa kichwani.

"Sisi mkataba wetu una mistari yake. Chini ya sitini hupati kamisheni. Sitini mpaka themanini na tano unapata nusu. Kutoka hapo kwenda juu unapata yote."

Kumbe jibu lilikuwapo, limesainiwa. Nikaweka 60 na 85, na kwa mkono wangu mwenyewe nikamshusha dada kutoka kazi nzuri hadi wastani. Mauzo hayakubadilika hata senti. Kilichobadilika ni mahali nilipoweka ukingo wa kivuli. Toka siku hiyo kila nikiona chati ya namna hii huwa nauliza kwanza: vivuli hivi nani kavipanga, na lini, kabla ya mauzo au baada?

Sasa tuingie kwenye Excel, maana najua wapo wenye kazi kama hii Jumatatu asubuhi. Jedwali langu lilikuwa hili:

```
     A         B
1              Mauzo
2    Dhaifu    =B6*0.6
3    Wastani   =B6*0.85-B2
4    Nzuri     =B6*1.25-B2-B3
5    Halisi    31
6    Lengo     40
```

Tazama safu ya 3 na ya 4. Kivuli cha wastani kinaishia 34, lakini ninachoandika ni 10, yaani nafasi kati ya 24 na 34. Cha nzuri kinaishia 50, lakini ninaandika 16. Ni kwa sababu Excel itavipanga vivuli kimoja juu ya kingine kama matofali. Ukiandika 24, 34 na 50 itajumlisha, ukanda utapanda mpaka 108, na lengo lako la 40 litaonekana limezama chini kama jiwe kisimani. Hilo ukilikosea utaligundua haraka. Kosa langu halikuwa la kugundulika haraka.

Unachagua A1 mpaka B6, unakwenda Insert, unachagua Stacked Column. Excel itakuchorea nguzo tano zilizosimama mbalimbali. Usishtuke, bonyeza Switch Row/Column na zote zitapandana kuwa nguzo moja. Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kipande cha Halisi, chagua Change Series Chart Type, na pale kwenye orodha weka alama ya Secondary Axis mbele ya Halisi. Hapo mauzo yatatoka kwenye rundo na kusimama mbele ya vivuli. Lengo libadilishe liwe Line with Markers, nalo lipe Secondary Axis, ili alama yake ichorwe juu ya mauzo isije ikafichwa siku muuzaji akipita lengo. Mimi mara ya kwanza sikulipa. Nitaeleza.

Baadaye ni urembo. Gap Width ya vivuli niliweka 50%, ya Halisi 300%, ndipo mauzo yakawa membamba ndani ya ukanda mpana. Alama ya lengo nilichagua ile ya kistari kirefu, ukubwa 30. Dhaifu kijivu kilichokolea, wastani kijivu cha kati, nzuri kijivu chepesi, mauzo meusi.

Chati ikapendeza. Kulia kulikuwa na mhimili wa pili wenye namba zake, na mimi nikaona unachafua picha. Nikafungua mipangilio yake, nikaweka Label Position iwe None. Namba zikatoweka. Safi! Nikalala.

Asubuhi, chumba cha mikutano, projekta inawaka. Chati ya dada ikatokea ukutani, na mstari wake mweusi ulikuwa umepita alama ya lengo, ukapita kivuli cha wastani, ukapita hata ukingo wa kivuli cha mwisho. Watu wakapiga makofi. Meneja akasema, "Unaona mambo hayo!" Dada mwenyewe alikuwa ameshika mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta natabasamu kama bwana harusi.

Mhasibu, mzee mmoja mpole ambaye huwa hasemi kitu, akainua mkono. "Samahani kijana. Pale juu ya mstari umeandika 31. Na lengo umeandika 40. Mimi nauliza tu, 31 imeipitaje 40?"

Kimya. Yaani kimya kile cha kusikia feni.

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza, na nilitamani sakafu ipasuke. Ukishaweka kitu kwenye Secondary Axis, Excel inakipa rula yake. Upande wa kushoto, penye vivuli vinavyoishia 50 na lengo langu, ilichagua rula ya 0 mpaka 60. Upande wa kulia, palipokuwa na 31 peke yake, ilichagua rula ya 0 mpaka 35. Kwa hiyo 31 ilipanda karibu mpaka juu kabisa ya chati, ikasimama mahali ambapo kwa rula ya kushoto ungesoma 53. Mimi kwa kupenda usafi nilikuwa nimefuta namba za rula hiyo, na rula yenyewe nikaiacha inafanya kazi gizani. Kama ningeacha zile namba zichafue picha, hata mtoto angeona kwamba kushoto kunaishia 60 na kulia kunaishia 35.

Kilichoniuma si aibu yangu. Dada alikuwa ameshapongezwa. Sasa ilibidi nisimame mbele ya watu wale wale niseme hapana, hajafika lengo, tena yuko kivuli cha wastani. Sikuwahi kumwona mtu akishusha mkono kutoka mdomoni taratibu vile.

Dawa ni ndogo, inauma jinsi ilivyo ndogo. Usiufiche mhimili wa pili, uufute. Bonyeza namba za upande wa kulia mpaka mhimili uchaguliwe, kisha bonyeza Delete. Hapo Excel inakosa rula ya pili na inachora mauzo kwa rula ya kushoto, huku wembamba wa mstari ukibaki. Halafu kwenye mhimili wa kushoto uliobaki, weka Minimum iwe 0. Hiyo sifuri si mapambo. Mauzo tunayasoma kwa urefu wa mstari, na mstari unaoanzia 20 badala ya 0 utamfanya aliyeuza 31 aonekane nusu ya mtu aliyeuza 42. Maximum niliweka 50 ili ukanda ujaze chati.

Na kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, fanya jaribio ambalo mimi sasa nalifanya kama kunawa mikono. Kwenye Halisi andika 40 kwa muda. Kichwa cha mstari lazima kiguse alama ya lengo barabara. Andika 24, kiguse ukingo wa kivuli cha kwanza. Visipogusana, una rula mbili. Kisha rudisha namba ya kweli (usisahau kurudisha, maana hilo nalo ni kosa la aina yake).

Mkutano uliahirishwa mpaka saa nane mchana ili nirekebishe. Nikarekebisha. 31 ikakaa mahali pake, chini ya lengo, juu kidogo ya katikati ya kivuli cha wastani. Nikapaswa kuridhika. Lakini nikawa naitazama, kuna kitu kinanisumbua, na si rula.

Nikamfuata dada mezani kwake kumwomba msamaha. Alikuwa anapanga risiti, hakuniangalia. Akasema, "Sawa kaka, kosa ni kosa. Ila na wewe jiulize. Leo tarehe ngapi?"

Leo tarehe ngapi! Mwezi ule ulikuwa na siku 22 za kazi, na siku ya mkutano ilikuwa ya 16. Nilikuwa nimechukua mauzo ya siku 16 nikayasimamisha mbele ya lengo la siku 22, nikayaita wastani. Vivuli navyo ni vya mkataba, na mkataba unahesabu mwezi ukiisha. Chati ya asubuhi ilimsifia kwa uongo. Chati ya mchana haikuwa na uongo hata mmoja ndani yake, na bado ilikuwa inamwonea.

Nikaongeza safu ya saba:

```
7    Kasi      =B6*16/22
```

Jibu ni milioni 29 na ushei. Hicho ndicho ambacho mtu anayekwenda lengo sawasawa angekuwa nacho siku ile. Nikaiingiza kwenye chati kama nilivyoingiza Lengo: Line with Markers, Secondary Axis, ila kistari chake nikakifanya kifupi zaidi na cha kijivu ili kisishindane na lengo lenyewe. Ukiongeza kitu kwenye Secondary Axis, angalia kama ule mhimili wa kulia umejirudisha, na ukiwa umerudi uufute tena, kisha urudie jaribio. Mstari wa dada ulipita kile kistari kifupi. Kidogo, lakini ulipita.

Saa nane meneja alipokiona akanikatalia, na lazima niseme alikuwa na hoja. "Matangazo hayaji kama mshahara, kijana. Wateja wetu wengi wanakuja siku za mwisho, bajeti zao zikiwa zinafungwa. Huwezi kugawa mwezi vipande sawa." Kweli kabisa. Kugawa kwa siku ni makadirio ya mtu asiyewajua wateja, na mwenye vitabu vya miezi iliyopita anaweza kuweka pale kiwango cha kweli cha siku ya 16 badala ya 16/22 yangu. Lakini yule mzee mhasibu, Mungu ambariki, akainua tena mkono. "Samahani. Kama nyingi zinakuja mwishoni, basi siku ya 16 tungemtegemea awe na pungufu ya 29. Naye ana 31." Meneja akaangalia ukuta kwa muda. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Hakusema alichoandika, nasi hatukuuliza.

Mwezi ulipokwisha dada alifika milioni 38. Kile kistari kifupi kilikuwa kimeshapanda mpaka kikakutana na lengo, maana 22 kwa 22 ni moja, na mstari wake mweusi ukasimama chini yao kidogo, ndani ya kivuli chepesi kabisa. Kamisheni yote. Lengo hakulifikia. Mkataba umeongezwa kwa miezi mitatu, jambo ambalo yeye analiona ni nusu ushindi, na amechapisha chati yake kwa printa ile ile nyeusi akaibandika ukutani pembeni ya kalenda. Kutoka mlangoni unaisoma.

Juzi akaniambia lengo lake limepandishwa kuwa milioni 45. Nikajisifu kwamba hakuna kazi hapo, nabadilisha B6 tu na vivuli vyote vinasogea vyenyewe. Nikaandika 45 mbele yake. Vivuli vikasogea kweli, na kile chepesi kikakatwa kichwa juu, kwa sababu sasa kilitakiwa kifike 56 na robo na mimi nilikuwa nimeufunga mhimili kwenye 50.

"Kaka," akasema.

Nikabonyeza Reset mbele ya Maximum. Excel ikajichagulia 60, juu pakabaki nafasi tupu kidogo. Nimeiacha hivyo hivyo.